Mpiga Ngoma Alilipwa

Mwaka 1991, nikiwa na miaka ishirini na sita, ndipo shida yangu ilipoanza, na ilianza siku ya Jumanne, kwa sababu ni Jumanne ambapo mwanadiplomasia niliyekuwa nikimfulia na kumpikia aliitwa kwao ghafla, akaniambia nina wiki mbili za kutafuta pa kulala. Ya kabla ya hapo siyaandiki. Nilizaliwa, nililelewa, niliacha shule darasa la nne, inatosha. Kibali cha kukaa Uswidi nilikuwa nacho, kitanda sikuwa nacho. Nilipata kazi ya usafi katika maofisi ya Kista, pembezoni mwa Stockholm, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na kupitia mtu wa mtu nikapata chumba Tensta, ghorofa ya nne, kwa Mtanzania mwenzangu aliyeitwa Festo. Nayaandika haya kwa sababu Festo tumemzika mwezi wa pili mwaka huu, na katika watu wote waliojaa kanisani hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba mimi na yeye hatukusemezana kwa miaka zaidi ya thelathini, wala kwamba sababu ilikuwa picha.

Festo alikuwa na miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye sweta moja la kijani, mwanafunzi wa udaktari wa chuo kikuu. Sio udaktari wa sindano. Alikuwa anasoma picha za kuchorwa, za Uholanzi, za miaka mia tatu na zaidi iliyopita, na alizisoma kwa macho ya Marx. Nilipomuuliza siku ya kwanza kama hiyo ni kazi, alijibu, “Ndugu Rehema, hata mimi najiuliza.” Alimwita kila mtu Ndugu, kwa ule ukali wa kizamani wa chama, na mwaka ule hata waliomfundisha siasa hiyo walikuwa wanaikimbia. Ukuta wa Berlin umeanguka, Moscow inatetereka, na yeye yuko jikoni Tensta anabandika postikadi kwenye friji kwa sumaku: mwanamke anamimina maziwa, meza yenye limau lililomenywa nusu, wazee sita wenye kofia nyeusi wameketi kama wanasubiri mtu awaombe msamaha. Alikuwa mpweke kuliko mimi, ila mimi nilikuwa sijui kwamba mtu mwenye vitabu vingi namna ile anaweza kuwa mpweke.

Kupika hakujua. Niliporudi kazini mchana nilisonga ugali wa semolina, unga wa ngano wa chengachenga, kwa sababu unga wa mahindi ulipatikana duka moja tu na bei yake ilikuwa ya dharau, nikachemsha spinachi za pakiti badala ya mchicha, naye akala huku akieleza. Alinieleza kwamba katika nchi nyingine za Ulaya wakati ule mchoraji alimngoja askofu au mfalme amwagize, lakini Uholanzi makanisa yalikuwa yamepakwa chokaa, hayataki sanamu wala picha, na mfalme hawakuwa naye. Aliyebaki na fedha ni mfanyabiashara. Basi mchoraji akawa kama mshona viatu: anatengeneza kwanza, mnunuzi baadaye, picha zinauzwa dukani, kwenye minada, sokoni, hata kwa bahati nasibu. Kwa kuwa wanashindana, kila mmoja anajifungia kwenye kitu kimoja, huyu ng'ombe, huyu meli, huyu samaki. Wengine waligundua kuchora mashamba na mawingu kwa rangi mbili tatu tu za udongo na majivu, rangi mbichi juu ya mbichi bila kungoja ikauke, ili picha iishe upesi na hata mwoka mikate aimudu. “Unaona?” alisema, na ugali mkononi. “Watu wanasema ule ukungu ni hisia. Ule ukungu ni muda wa kazi umepunguzwa.” Na fundi asiye na kitu alikwenda kuchora kwa siku katika nyumba ya mfanyabiashara wa picha, analipwa ujira tu, na picha si yake. Wenyewe waliiita kazi ya kupiga makasia kwenye merikebu ya wafungwa.

Mimi sikuwa mtu wa kusikiliza nikiwa nimenyamaza. Siku moja alinionyesha postikadi ya mtumishi wa kike na ufagio, sakafu ya marumaru nyeupe na nyeusi inang'aa hadi dirishani. Nikamwambia, “Huyu hajawahi kupiga deki.” Akauliza kwa nini. “Mikono ya gauni imeshuka hadi viganjani. Viatu vikavu. Ndoo iko upande ule na yeye upande huu. Na sakafu ya namna hii, nani anayo jikoni?” Festo aliacha kula. Akasema nimesema kweli, kwamba nyumba nyingi za Uholanzi zilikuwa na sakafu ya mbao au vigae vya udongo, marumaru ilikuwa adimu hata kwa matajiri. Mchoraji aliiweka kwa sababu miraba inaipa picha kina, na kwa sababu mnunuzi alipenda kutundika ukutani nyumba ambayo hana. “Hiyo ndiyo itikadi, Ndugu Rehema. Umeigusa kwa ndoo.” Akafuta mikono, akachukua daftari, akaandika. Niliona jina langu limeandikwa pembeni, Rehema, na tarehe. Nilikuwa nimeishi mji huu mwaka mzima na nusu, nikiingia maofisini kabla ya watu na kutoka kabla hawajafika, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuandika neno nililolisema. Leo nina umri wa kuona kwamba hapo ndipo nilipofungwa kamba. Sikumpenda kwa namna hiyo mnayofikiri. Nilipenda kuandikwa.

Jumamosi mchana tulikuwa na chumba cha chama chetu cha Waswahili, chini ya jengo, pembeni ya chumba cha kufulia nguo, hivyo masomo yetu yote yalinuka sabuni. Waswidi wana desturi hii nzuri: watu wachache wakikaa pamoja kujifunza jambo lolote, hata kusuka vikapu, manispaa inawasaidia chumba na kahawa. Festo akafungua darasa la picha na tabaka. Tulikuwa kumi na wawili. Katibu alikuwa Mzee Shabani, dereva wa basi la Spånga, mtu wa saa na mihuri. Alikuwepo pia Mama Furaha wa Bukavu, aliyefanya kazi jikoni hospitalini na ambaye hakuogopa mtu. Festo alitundika shuka, akawasha mashine ya slaidi, na wale wazee wa kofia nyeusi wakatutazama wakiwa wakubwa kama mlango.

“Hawa ni wasimamizi wa nyumba ya maskini,” akasema. “Wameagiza picha yao wenyewe, itundikwe kwenye chumba chao wenyewe cha mikutano. Kitabu cha hesabu mezani, mfuko wa fedha mezani. Maskini yuko wapi?”

“Ile kule mlangoni, anachunguliaka,” Mama Furaha akajibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu. “Bon, batu ba tajiri beko mbele kila siku. Hii haiombe diplome, Ndugu Festo.”

Tulicheka. Lakini Festo hakuwa mtu wa kusimama hapo. Alituonyesha meza ya pilipili manga, sukari na bakuli za Kichina, akauliza mikono iliyovuna iko wapi; alituonyesha bibi aliyevaa lulu na mtumishi mweusi nyuma yake ameshika sinia la matunda, amewekwa pale ili weupe wa bibi uonekane na ukubwa wa biashara ya bwana ueleweke bila kutajwa. Akasema hata hapa Uswidi tusijione tuko mbali: wafanyabiashara wa Kiholanzi walimiliki viwanda vya mizinga katika misitu ya hapa, wakataka kiwanda kichorwe, na wafanyakazi wake wanaonekana wadogo kama siafu. Na mjumbe wa malkia wa Uswidi kule The Hague alimlipa mchoraji mmoja kila mwaka, sio kwa kuchora, bali ili awe wa kwanza kuchagua. Malkia alipoletewa zile picha hakuzipenda, akazirudisha. “Mchoraji mwenye mfadhili ameshiba,” Festo alisema, “lakini anachora akisikiliza mlango.”

Picha tuliyoizungumza zaidi ilikuwa ile ya walinzi wa mji, wanaume wa Amsterdam na bunduki zao. Hawakuwa askari wa mshahara. Walikuwa wauza nguo na wenye maghala, na kulinda kwenyewe kulikuwa kumebaki karamu zaidi kuliko vita. Kila mmoja alilipia nafasi yake: anayeonekana mzima alilipa zaidi, anayeonekana kichwa alilipa kidogo. Kisha majina ya waliolipa yakaandikwa kwenye ngao iliyochorwa ukutani. Kulia, ukingoni, kuna mpiga ngoma. Jina lake halipo. Kwa nini halipo? Kwa sababu alikuwa mtu wa kukodiwa. Festo alilirudia hilo mara mbili, kwa kidole juu ya shuka, na kivuli cha kidole kikamfunika mpiga ngoma uso mzima.

Sasa sikilizeni watu waliosomeshwa hayo miezi minne walivyofanya. Mwezi wa tisa, chama kikaamua kuchorwa picha yake. Ramiro, mkimbizi wa Chile aliyekaa jengo la pili, alikuwa amechora kuta nyingi kwao kabla hajafukuzwa, na hapa alikuwa hana kazi. Alikubali. Mwanzo tulisema kila mtu atatoa sawa. Fedha hazikutosha turubai na rangi ya mafuta, achilia mbali siku za Ramiro. Ndipo Mzee Shabani akasema yeye yuko tayari kuongeza, ila asiwekwe nyuma ya mtu mrefu. Mwingine akasema naye ataongeza akionekana na saa yake. Watu wakaanza kucheka, wakamgeukia Festo.

“Ni kama wale Waholanzi, Ndugu Festo!” Shabani akamwambia. “Mwili mzima, nusu, kichwa.”

“Mnataka kunichekesha,” Festo akajibu. Lakini aliona Ramiro amekaa pale na koti lake jepesi, akaona pia, nadhani, jinsi itakavyopendeza. “Haya. Kwa kuwa tunajua tunachofanya, si sawa na kufanya bila kujua.”

Hilo ndilo kosa, na lilikuwa kosa la wenye elimu. Mimi mwenyewe nililiamini. Festo alitoa kuliko wote, kutoka kwenye fedha za masomo ambazo mfuko wa familia moja ya wenye meli ulimpa, akawekwa katikati, mezani, kitabu kikiwa wazi. Mimi nililipia kichwa. Niliacha kupanda treni wiki tatu, nikatembea Tensta hadi Kista gizani, ili nilipe kichwa na jina. Nilitaka uso wangu na jina langu viwe ukutani, mahali pa watu, katika mji huu. Sikutaka zaidi ya hapo. Nilimwambia Festo hivyo tukiwa tunaosha vyombo, na akasema, “Utakuwepo.”

Jumamosi za kuchorwa zilikuwa ndefu. Watu walikaa kwenye viti, Ramiro anakunja jicho, anawaambia kwa Kiswidi chake cha kukatakata wasisogee. Kichwa changu kilikuwa cha mwisho, kwa hiyo sikuwa na kiti. Mtu akasema chai. Ni nani alisema sikumbuki, na siku hizi sidhani ni muhimu. Nilichemsha chai kwa sababu nilikuwa nimesimama, nikaipeleka kwa sababu birika lilikuwa mkononi mwangu. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu Ramiro akasema picha inaanguka upande wa kushoto, inahitaji mstari wa kuinuka kuelekea mezani, na Festo, ambaye jicho lake lilikuwa zuri kuliko yetu, akasema, “Rehema, simama hapo hapo ulipo. Inama kidogo. Usitutazame sisi, tazama vikombe.” Nikainama. Alifurahi. Wote walifurahi, kwa sababu kweli picha ilikaa sawa. Nilishika lile birika hadi chai ikapoa, nikidhani uso utageuzwa baadaye. Sikujua kwamba picha ikishakaa sawa, unavyowekwa ndivyo unavyobaki.

Siku ya kufunua, mwezi wa kumi na mbili, Mama Furaha alileta sambusa na Shabani alivaa tai. Shuka ikavutwa. Ilikuwa picha nzuri, sitasema uongo. Rangi nzito za udongo, nyeupe ya karatasi katikati, uso wa Festo ukipokea mwanga wa kitabu. Kushoto, mwanamke ameinama na birika. Unaona shavu, sikio, mkono hadi kiwiko, na kitambaa cha kichwa. Uso hauonekani. Juu, kwenye ubao uliochorwa kama umetundikwa, majina kumi na moja. Niliyahesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulikuwa kumi na wawili.

“Mzee Shabani,” nikauliza, “jina langu liko wapi?”

Akavuta karatasi yake mfukoni. “Mama, mimi nilimpa Ramiro orodha ya walioketi. Wewe ulikuwa unahudumia.”

“Nililipia kichwa.”

“Ndiyo, lakini kichwa chenyewe...” Akaitazama picha, akaikunja karatasi.

Festo akaja, akanishika bega. “Ndugu Rehema, usichanganye mambo. Katika muundo wa picha, wewe ndiye unayeibeba. Tukikuondoa wewe, inaanguka. Ni kama yule mpiga ngoma, nilikueleza, bila yeye upande wa kulia wote...”

“Mpiga ngoma alilipwa,” nikamwambia. “Alisimama pale kwa ujira. Mimi nimelipa ili niinamishwe.”

Mashine za kufulia ziliendelea kuzunguka nyuma ya ukuta. Mama Furaha akasema taratibu, “Ah, Festo, apa bamekukamata.” Ramiro, nilipofasiriwa, aliona aibu kweli, akasema nafasi ya jina ipo, rangi nyeusi anayo, wiki ijayo litakuwa limekauka. Festo akasema, “Andika, andika sasa hivi.” Nikasema hapana. Nilikuwa na kiburi cha mtu ambaye hana kingine. Nilitaka waone pengo. Nilidhani watalitazama na kuumia kila Jumamosi, kumbe pengo halionekani isipokuwa kwa aliyemo ndani yake.

Wiki iliyofuata nilihamia chumba Hjulsta, mwisho wa njia ya buluu ya treni, kwa bibi wa Kifini aliyezungumza na redio. Festo alinifuata mara moja tu, akasimama uwanjani na sweta lile bila koti, akasema ameandika kurasa nzima kuhusu maneno yangu, anataka nizisikie. Nilimjibu kutoka dirishani kwamba azisome kwa wenye meli wanaomlipa. Lilikuwa jibu la kumkata mtu, na lilimkata. Kule Hjulsta nilikula peke yangu, spinachi zile zile, na mara nyingi nilikuta nimeona kitu, mlango wa shaba uliosuguliwa, dirisha la benki lenye picha ya mwenye benki, nikageuka kusema, nikakuta ukuta. Nilishinda hoja ile. Nilimpoteza mtu pekee Stockholm aliyeniona nina hoja. Nilichofanya baadaye, kununua ndoo zangu mwenyewe, kugonga milango ya ngazi za majengo na kusema nitasafisha, kilitokana na hasira ya ule ubao, na watu husifu hasira ikishazaa kampuni. Hawaulizi ililala na nani.

Udaktari Festo hakuumaliza. Kipindi kile kazi zilipungua mji mzima, na Marx hakutakiwa na mtu. Ule mfuko ulibadili mawazo, kama malkia na picha zake. Akawa dereva wa treni za chini ya ardhi. Nilimwona mara mbili tatu stesheni ya Hjulsta, akihama kutoka kibanda cha mbele hadi cha nyuma ili treni irudi mjini, mvi zimemshika. Yeye aliangalia saa, mimi niliangalia begi. Watu wazima wawili.

Msibani nilikula wali kwenye sahani ya karatasi, kisha nikamfuata binti yake, Upendo, aliyezaliwa huku baadaye, anayekaa Akalla. Nilimsemesha Kiswahili, akajibu Kiswidi, kwa upole. Nikamuuliza kama ile picha ya chama anayo. Picha gani? Nikaeleza: meza, baba yake na kitabu, majina juu. Alifikiri. Akasema chama kilipofungwa chumba kilisafishwa, vitu vyote vya chini vikapelekwa kutupwa. Baba alikwenda mwenyewe kuomba picha moja, akachelewa siku moja. Alirudi, akakaa jikoni, hakusema ilikuwa ya nani. “Wewe ulimjuaje baba?” akauliza.

“Nilikuwa mpangaji wake,” nikasema. Jibu lingine lingekuwa refu kuliko chakula kilichobaki.

Nimelifikiria tangu siku hiyo, kwamba Festo angeingia ofisini kwangu angenisoma kama alivyowasoma wale wazee wa kofia. Angeuliza nani anaamka saa tisa na nani ana ufunguo wa gari. Saa za watu wangu zinauzwa kwa bei gani na wao wanalipwa gani. Tofauti inakwenda wapi. Ningemjibu bila kuficha: inakwenda kwangu. Kisha ningemwekea ugali, abishe.

Ninavyomiliki leo ni hivi. Nyumba ya vyumba vitatu Hjulsta, haina deni. Magari mawili ya kazi, moja jipya. Mashine nne za kusugua sakafu. Kiwanja Muheza, kimezungushiwa ukuta. Koti moja zuri la msimu wa baridi. Sahani sita, nikitumia moja. Kampuni ya usafi yenye watu kumi na wanne, na kwenye mlango wa ofisi karatasi yenye majina yetu yote kumi na tano, kwa alfabeti. Langu ni la kumi na moja. Mishahara haifuati alfabeti.